SOMO KWA KAMATI ZA SKULI NA WAZAZI: UCHAGUZI WA KITAMBAA CHA SARE KINACHOSTAHIMILI MCHEZO NA UFUAJI WA MARA KWA MARA

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya walimu wakuu, wajumbe wa kamati za skuli, mafundi cherehani na wazazi wote wanaohusika na ununuzi wa sare. Mfano unaotumika ni wa Makere, Wilaya ya Kasulu, kwenye barabara iendayo Kibondo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Makere imechaguliwa kwa sababu udongo wake ni mwekundu, mvua zake huanza kiasi cha Oktoba na kuendelea hadi Mei, na migomba na mawese ni sehemu ya maisha ya kila siku. Mambo hayo manne, yaani udongo, mvua, utomvu wa mgomba na mawese, ndiyo yanayoamua hali ya sare. Wasomaji wa Pemba, ambako nako vilima vina udongo mwekundu, wataona kwamba sehemu kubwa ya maelezo haya inawahusu vile vile.

Tangu utaratibu wa elimumsingi bila ada ulipoanza Tanzania Bara mwezi Januari 2016, sare imebaki kuwa jukumu la mzazi. Mwaka wa masomo wa skuli ya msingi una siku 194. Mtoto mwenye sare moja tu, inayofuliwa kila jioni, huifua karibu mara 194 kwa mwaka. Mwenye sare mbili za kupokezana huifua kila moja karibu mara 97. Kwa hiyo kitambaa cha sare huvaliwa na kufuliwa kwa kadiri zinazokaribiana, na ufuaji wenyewe huchakaza nguo kama mchezo unavyoichakaza. Jambo kuu linalosisitizwa katika somo hili linatokana na hesabu hiyo: kitambaa cha sare kisihukumiwe kwa sura yake dukani, bali kihukumiwe baada ya kufuliwa.

1. Udongo mwekundu na rangi ya kitambaa

Udongo wa Makere ni mwekundu kwa sababu una chembe ndogo sana za kutu ya chuma. Chembe hizo haziyeyuki kwa maji wala kwa sabuni. Huondoka tu kwa kusukumwa zitoke katikati ya nyuzi, na zile zilizozama ndani hubaki. Ndiyo maana shati jeupe la mtoto anayecheza mpira kwenye uwanja usio na nyasi hugeuka taratibu kuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, hata kama linafuliwa kwa bidii.

Wazazi wengi hudhani kwamba rangi nzito ndiyo inayoficha uchafu. Dhana hiyo ni ya kweli kwa tope bichi tu. Tope likikauka huwa vumbi lenye rangi iliyo nyepesi kuliko bluu nzito au nyeusi, na kila alama ya kiti, ukuta na kiganja huonekana wazi. Rangi nyeupe huonyesha kila kitu. Rangi inayoficha ni ile ya kadiri, isiyo nzito wala nyepesi, na iliyo karibu na rangi ya udongo wenyewe. Kwa Makere rangi hizo ni kaki iliyokolea, kahawia na damu ya mzee. Mtu anaweza kuthibitisha jambo hili kwa njia rahisi: achukue vipande vya rangi mbalimbali, avipake tope la uwanja wa skuli hiyo hiyo, avianike hadi vikauke, avipanguse kwa mkono, kisha avitazame akiwa umbali wa hatua kumi. Kipande kinachoonyesha alama chache zaidi ndicho kinachofaa kwa udongo wa mahali hapo.

Aidha, kitambaa chenye miraba midogo, au kilichofumwa kwa nyuzi za rangi mbili zinazokaribiana, huficha doa kuliko kitambaa cha rangi moja, kwa kuwa jicho halipati uwanda mtupu wa kulinganisha.

Inaeleweka kwamba skuli nyingi za msingi hutumia shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, na kamati haiwezi kubadili rangi kwa uamuzi wake peke yake. Katika hali hiyo, yanayobaki mikononi mwa kamati ni aina ya kitambaa, uzito wake na namna kilivyofumwa. Mahali pengine pa kuchagua rangi ni sweta na nguo za michezo. Skuli ikiruhusu kaptula ya michezo ya rangi ya kahawia, sare ya darasani huepushwa na saa zile inapochafuka zaidi.

2. Nyuzi na mfumo

Vitambaa vya sare vinavyopatikana madukani ni vya makundi matatu: pamba tupu, poliesta tupu, na mchanganyiko wa vyote viwili, ambao wafanyabiashara wengi huuita tetroni.

Pamba hunyonya jasho na haiyeyuki karibu na moto. Nguvu yake haipungui inapolowa, hivyo husuguliwa na kupigwa kwenye jiwe bila kukatika upesi. Kasoro zake ni kwamba hurudi inapofuliwa, huchujuka rangi, hukunjika, na hukauka polepole. Kasoro hii ya mwisho ina uzito mkubwa Makere. Katika miezi ya mvua, kaptula nzito ya pamba iliyofuliwa jioni haikauki hadi asubuhi, na mtoto huivaa ikiwa mbichi au huikausha juu ya moshi wa jiko.

Poliesta haihifadhi maji mengi, hukauka upesi, hairudi sana na uzi wake haukatiki kwa urahisi. Lakini hupenda mafuta. Tone la mawese likiingia katika poliesta hushikamana nayo kuliko linavyoshikamana na pamba. Vile vile huweka vipele vidogo vya nyuzi mahali panaposuguliwa, hukaa na harufu ya jasho, na inaposhika moto huyeyuka na kuganda mwilini. Kwa sababu hiyo ya mwisho, inashauriwa kwamba mtoto avue sare afikapo nyumbani kabla ya kukaribia mafiga, hata kama nguo yake ni ya mchanganyiko.

Kwa kaptula, suruali na sketi, mchanganyiko wenye poliesta kiasi cha sehemu 65 na pamba sehemu 35 kwa kila mia ndio uliozoeleka zaidi katika nguo za kazi, na ndio unaofaa. Poliesta huipa nguo uimara na ukavu wa haraka, na pamba huifanya ivalike. Kwa shati, ambalo hugusa mwili moja kwa moja, sehemu ya pamba ikiongezwa ni vizuri zaidi.

Kuhusu mfumo, chagua kitambaa kilichofumwa kwa mshazari, yaani chenye vistari vinavyokwenda upande kama vya kaki ya kijeshi au ya jinzi. Katika mfumo huo uzi wa mshindio hupita juu au chini ya zaidi ya uzi mmoja wa mtande, na hivyo nyuzi nyingi zaidi huweza kushindiliwa katika nafasi ile ile. Kitambaa huwa kizito, huvumilia msuguano wa goti na makalio, na vumbi hukosa mianya ya kuzama. Ukikiinua kitambaa kuelekea dirishani na kuona vitundu vya mwanga, hicho si cha kaptula.

3. Hila ya unga na kipimo cha mizani

Kosa linalotokea mara nyingi ni kununua kitambaa kilichojazwa wanga. Baadhi ya vitambaa hafifu hupakwa wanga mwingi kiwandani ili vionekane vizito na vigumu. Mnunuzi hukishika, hukisikia kimekamaa, na hukiona cha kudumu. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza wanga huondoka na maji, na kinachobaki ni wavu mlegevu. Dalili yake ni mbili. Ukikifikicha kwa nguvu kati ya viganja juu ya karatasi nyeusi, huanguka unga mweupe. Na maji ya kwanza ya kulowekea huwa mazito na ya maziwa.

Ili kuondoa shaka, kamati inunue mita moja tu ya kila kitambaa kinachopendekezwa kabla ya kuagiza jora zima, na ifanye yafuatayo.

Kwanza, anika kila kipande juani kwa saa mbili, kisha kipime kwenye mizani ya duka. Kuanika ni lazima kwa kuwa pamba hubeba unyevu wa hewa na uzito wake hubadilika. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kikiwa na uzito wa gramu 300 kwa mita, maana yake ni gramu 200 kwa kila mita ya mraba. Kwa kaptula na sketi tafuta kati ya gramu 200 na 250 kwa mita ya mraba; kwa shati, kati ya 110 na 130.

Pili, chora kwa uzi wa rangi nyingine mraba wa sentimita 50 kwa 50 katikati ya kipande.

Tatu, kifue kipande mara tatu kwa sabuni na namna ile ile inayotumika nyumbani, na kukianika kila mara. Wakati wa ufuaji wa kwanza, kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, rangi hiyo haikushika, na italichafua shati jeupe katika karai moja.

Nne, kipime tena uzito, na upime mraba kwa rula kwa urefu na kwa upana.

Tano, kata ukanda mmoja, funika nusu yake kwa gazeti zito, na uuache juani kwa wiki mbili. Tofauti kubwa kati ya nusu mbili inaonyesha kwamba upindo utakapokunjuliwa mwaka ujao utaacha mstari wa rangi tofauti.

Ili kujua aina ya nyuzi, chomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio na uchome kila mmoja kwa kiberiti ukiushika kwa kibano. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini. Poliesta hujikunyata ikiukimbia moto, huyeyuka, na huacha punje ngumu nyeusi. Mchanganyiko huwaka na kuacha jivu lenye vipunje vidogo. Nyuzi zote mbili zichomwe, kwa kuwa huenda mtande ukawa wa aina moja na mshindio wa aina nyingine.

4. Kielelezo cha hesabu

Tuchukue kielelezo cha vitambaa viwili vya bluu vilivyoletwa mbele ya kamati. Bei na vipimo vinavyofuata ni vya kufundishia, na kila kamati itaweka vyake.

Kitambaa cha kwanza ni pamba. Dukani kilikuwa na gramu 360 kwa mita, na wajumbe walikipenda kwa ugumu wake. Baada ya kufuliwa mara tatu kikawa na gramu 285. Yaani gramu 75, zaidi ya sehemu moja katika tano za uzito wake, zilikuwa ni wanga, na mnunuzi alizilipia kama kitambaa. Mraba wake wa sentimita 50 ukawa 47.5 kwa urefu. Umerudi asilimia 5. Kaptula yenye mshono wa ndani na nje wa sentimita 40 ingepungua sentimita 2, na kiuno cha sentimita 60 kikatwacho kwa upande huo kingepungua sentimita 3. Hapo ndipo mshono wa makalio huanza kupasuka, si kwa ubaya wa fundi bali kwa nguo kubana.

Kitambaa cha pili ni mchanganyiko wa mshazari. Dukani kilikuwa na gramu 330, chepesi kuliko cha kwanza, na kilionekana laini. Baada ya kufuliwa mara tatu kikabaki na gramu 320, ambazo ni karibu 213 kwa mita ya mraba. Mraba ukawa 49.5, umerudi asilimia 1. Kitambaa kilichoonekana chepesi dukani ndicho kilichokuwa kizito baada ya kufuliwa.

Kamati ikashona kaptula moja ya kila aina na kuwavisha watoto wawili wa darasa moja wenye michezo inayofanana, ikihesabu wiki hadi kiraka cha kwanza. Kaptula ya kwanza iligharimu shilingi 12,000 na ikahitaji kiraka baada ya wiki 20, sawa na shilingi 600 kwa wiki. Ya pili iligharimu shilingi 14,250 na ikafika wiki 38, karibu mwaka mzima wa masomo, sawa na shilingi 375 kwa wiki. Kwa mzazi mwenye watoto watatu, tofauti hiyo ya shilingi 225 kwa wiki hufikia zaidi ya shilingi 25,000 katika wiki 38. Hata hivyo mzazi asiyeweza kutoa shilingi 14,250 kwa mkupuo hafaidiki na hesabu hii. Kwa hiyo kamati iweze kupokea malipo kidogo kidogo kuanzia mwezi Septemba, kabla ya Januari ambapo mahitaji yote hukutana.

5. Maagizo kwa fundi

Kitambaa kizuri huharibiwa na uzi mbaya. Kitambaa cha mchanganyiko kishonwe kwa uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hurudi na kukatika mapema. Mshono wa makalio na wa katikati ya miguu upigwe mara mbili. Ncha za mifuko zikazwe kwa mishono ya kurudia, kwa kuwa ndipo mpasuko wa kwanza hutokea. Kipande cha pili cha kitambaa hicho hicho kiwekwe ndani ya makalio, kishonwe tangu nguo ikiwa mpya. Kiraka cha baadaye huwa na rangi mpya juu ya nguo iliyopauka. Hiki cha awali hupauka pamoja na nguo yake. Upindo uachwe sentimita 5 ili nguo imfuate mtoto anavyokua. Pamba tupu isikatwe kabla ya kulowekwa na kukaushwa.

6. Kuondoa madoa bila kuua nguo

Tope jekundu lisilowekwe likiwa bichi. Liache likauke kabisa, ulipukute na kulisugua kwa brashi kavu, kisha uloweke nguo katika maji baridi bila sabuni na kuyamwaga kabla ya kuanza kufua. Ukisugua tope bichi unasukuma chembe zizame ndani zaidi.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo haiondoi wekundu wa udongo, kwa kuwa haiyeyushi kutu ya chuma. Badala yake hudhoofisha pamba na kupausha rangi. Wekundu uliobaki kwenye shati jeupe au mtandio mweupe hupungua kwa maji ya limau na chumvi, yakipakwa, nguo ikiwekwa juani kwa saa moja, kisha ikasuuzwa kwa maji mengi. Asidi ya limau ikiachwa huila pamba taratibu. Nguo ya rangi ijaribiwe kwanza kwenye upindo wa ndani.

Shati jeupe husaidiwa pia na wanga mwembamba wa muhogo unaopakwa kwenye kola na mikono baada ya kufua. Uchafu hushika wanga badala ya uzi, na hutoka pamoja nao katika ufuaji unaofuata. Wanga huu ni tofauti na ule wa hila uliotajwa juu: huu hauuzwi kama kitambaa.

Doa la mawese lifuliwe siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni, likisuguliwa kwa sabuni kavu kabla ya maji. Rangi ya manjano itakayobaki isiwatie hofu wazazi. Baada ya mafuta kuondoka, rangi hiyo hupauka kwa jua la siku chache.

Utomvu wa mgomba ndio mgumu kuliko yote. Unapoingia huwa hauonekani, kisha hugeuka kahawia kwa hewa, na magadi ya sabuni huukoleza. Ukikutana na kutu ya udongo au ya bati huwa karibu mweusi. Usuuzwe papo hapo kwa maji baridi matupu, bila sabuni. Ukikauka, hakuna dawa ya nyumbani inayouondoa wote bila kudhuru rangi. Kwa doa hili kinga ni kumvua mtoto sare kabla hajatumwa shambani, na msaada pekee wa kitambaa ni kuwa na rangi ya kahawia au kaki ambayo doa hilo hujificha ndani yake.

7. Yanayotakiwa kutekelezwa

Kamati zinashauriwa kukamilisha vipimo vya mita moja kabla ya mwisho wa Agosti ili mafundi wapate muda wa kushona. Kipande kilichofuliwa mara tatu cha kitambaa kilichochaguliwa, pamoja na karatasi yenye uzito wake wa kabla na wa baada, kitunzwe katika ofisi ya mwalimu mkuu. Jora litakapoletwa na mfanyabiashara, mita moja ifuliwe na kulinganishwa na kipande hicho kabla ya malipo. Jora litakalopoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi za uzito wake, au mraba wake ukarudi zaidi ya sentimita moja na nusu, lirudishwe. Wazazi wanaonunua wenyewe wanaweza kufika skuli na kukitazama kipande hicho kabla ya kwenda dukani.